Nionyesheni Neno Lenyewe



Sisi ni mafrateri wanne tunaokwenda utume wa mwisho wa juma katika parokia moja isiyo mbali na seminari. Mwaka jana, kabla ya Kwaresima, tuliombwa kuandika makala ya maoni katika jarida la parokia, lile la kurasa 4 linalouzwa mlangoni mwa kanisa kila mwezi. Tulichagua jambo lililokuwa likituudhi: waamini wanaotoka kanisani baada ya komunyo, kabla ya baraka ya mwisho. Tuliiandika jioni moja, tukaridhika nayo, tukaipeleka.

Toleo lililofuata lilikuwa na jibu. Aliyeliandika ni mama mmoja anayeuza nyanya sokoni, mjumbe wa jumuiya ndogo ndogo. Tulilisoma tumesimama uani, tukipokezana karatasi. Mmoja wetu akasema, "Huyu mama ana hasira." Mwingine akaongeza kwamba anatudharau kwa sababu hatujapadrishwa. Wa tatu aliona anaibeza liturujia. Jioni ile ile tukaandika jibu la jibu, nalo lilikuwa kali.

Paroko hakulikataa. Alituambia tu tulipitishe kwanza kwa katekista, ambaye ndiye anayesahihisha Kiswahili cha jarida. Katekista wetu ni mwalimu mstaafu wa Kiswahili wa sekondari. Alisoma jibu letu mpaka mwisho, akalikunja, akaliweka mezani.

"Mmesema mama ana hasira," akasema. "Nionyesheni neno lenyewe."

Tukamsomea makala ya mama. Tunaiweka hapa, kwa ruhusa yake, kwa sababu bila maneno yenyewe yanayofuata hayataeleweka:

"Nimesoma makala ya vijana wetu kuhusu wanaotoka kabla ya baraka ya mwisho. Mimi ni mmoja wao. Misa ya kwanza huanza saa 12, na komunyo huisha kama saa 1:20. Matangazo yakiwa marefu tunatoka saa 2. Lori la nyanya hufika sokoni saa 1:30, na anayechelewa hununua zilizobaki. Waandishi hawakuniuliza. Naona si sahihi kumhukumu mtu kwa mgongo wake anapotoka, bila kujua anakokwenda. Nashauri matangazo yafupishwe, ili nasi tupate baraka."

Mmoja wetu alikuwa na neno tayari. "Hili hapa, Mwalimu: Waandishi hawakuniuliza. Hapo anatusuta."

Mwalimu akamwomba aiandike sentensi hiyo upya kwa namna ya kawaida kabisa, isiyo na hasira yoyote, lakini ibaki na habari ile ile. Frateri akashika kalamu. Akaandika: Waandishi hawakuniuliza. Akafuta, akajaribu tena, akarudi pale pale. Hakukuwa na namna ya kawaida zaidi ya ile. Mama angeweza kuandika "hawakujishughulisha hata kuniuliza", au "eti hawakuona haja ya kuniuliza". Hakuandika hivyo. Alitaja tendo na watendaji, akaweka nukta.

"Basi maumivu mnayoyasikia hapo hayatoki kwenye neno," Mwalimu akasema. "Yanatoka kwenye ukweli wa jambo. Hamkumuuliza."

Hapo ndipo somo letu lilipoanza. Kitu cha kwanza tulichojifunza ni kutenganisha mambo mawili tuliyokuwa tumeyachanganya: msimamo na toni. Msimamo ni kile mwandishi anachokitetea au kukipinga. Toni ni jinsi anavyomtazama mtu anayemwandikia na jambo analoliandikia. Msimamo mtu huutamka waziwazi. Toni huvuja kupitia maneno aliyoyachagua pale ambapo angeweza kuchagua mengine. Mama alikuwa kinyume nasi kimsimamo, nasi tukachukulia kwamba kila aliye kinyume nasi ametukasirikia.

Njia ya Mwalimu ni hii. Soma makala mara moja bila kuweka alama yoyote. Kisha isome tena ukipiga mstari chini ya kila neno ambalo mwandishi angeweza kuliacha au kulibadilisha bila kupoteza habari. Kando ya neno hilo andika neno la kawaida linalobeba habari ile ile. Baada ya hapo jiulize ni nini kilichopungua ulipobadilisha. Kilichopungua ndiyo toni. Kama hakuna kilichopungua, neno lile halikuwa na toni, hata kama lilikuchoma.

Tuliifanyia makala ya mama. "Si sahihi": jirani zake wangekuwa "ni uonevu", "ni upuuzi", "ni unafiki". Alichagua la chini kabisa. "Nashauri": angeweza kusema "lazima", au "haiwezekani kila wiki". "Naona": ameikiri hukumu yake kuwa ni yake, hakuitangaza kama sheria. Na mwanzoni kabisa, "vijana wetu". Angeweza kusema "hawa vijana", au "vijana hao". Kile kimilikishi kidogo, -etu, kimetuweka ndani ya nyumba moja naye.

Mmoja wetu alishuku. Je, "vijana wetu" haiwezi kuwa kejeli? Mwalimu alikubali kwamba yawezekana. Mtu akiandika "wasomi wetu hawa" huenda hawasifu. Lakini neno moja halitoshi kuthibitisha kejeli, linahitaji mashahidi. Kama "vijana wetu" ingefuatwa na sifa iliyopita kiasi, au na jambo linaloipinga sifa hiyo papo hapo, tungesema ni kejeli. Katika makala ya mama kila neno jingine linavuta upande mmoja, upande wa utulivu. Hivyo "wetu" tunaisoma kama ilivyo.

Kuhusu liturujia nako tuliaibika. Maelekezo ya Misale ya Kirumi, namba 90, huyaweka matangazo katika ibada ya kumalizia, nayo yanatakiwa yawe mafupi, tena pale tu yanapohitajika. Mama aliomba yafupishwe. Aliyekuwa karibu zaidi na Misale ni yeye.

Tulidhani tumemaliza. Mwalimu akafungua droo, akatoa toleo la mwezi uliotangulia. "Sasa," akasema, "tufanye hivyo hivyo na hii." Ilikuwa makala yetu. Akasoma aya ya pili kwa sauti:

"Kila Jumapili tunashuhudia watu fulani wakichomoka kanisani mara tu wanapomeza komunyo, eti wanawahi biashara. Ndugu waamini, vibiashara hivyo vitawapeleka wapi? Hata wale wanaojiita viongozi wa jumuiya nao hukimbia."

Kabla hajaendelea tulimkumbusha kwamba kichwa cha makala, "Wakimbiaji wa Jumapili", hakikuwa chetu. Sisi tuliandika "Tubaki Hadi Baraka", mhariri alikibadilisha. Mwalimu akakubali mara moja na kukikata kwa kalamu. Hata katika magazeti makubwa, alituambia, mara nyingi kichwa huwekwa na dawati la uhariri, kwa hiyo usimhukumu mwandishi kwa kichwa. Vivyo hivyo maneno aliyonukuu kutoka kwa mtu mwingine si ushahidi wa toni yake, ila namna alivyoyaingiza: "alisema" haina upande, "alidai" ina shaka, "alikiri" inamfanya msemaji aonekane alikuwa akificha kitu.

Kisha tukaanza kupiga mistari katika aya yetu wenyewe.

"Wakichomoka". Neno la kawaida ni "wakitoka". Kilichopungua ni picha ya mtu anayeponyoka, kama aliyefanya kosa na hataki kuonekana.

"Wanapomeza". Hili lilitunyamazisha. Kanisani tunasema kupokea komunyo, au kukomunika. Kumeza ni kwa vidonge. Mwalimu alitueleza kwamba kipimo cha toni si kamusi peke yake, bali ni kawaida ya jamii inayosoma. Kwa mtu asiye Mkatoliki huenda "kumeza" ni neno la kawaida tu. Kwa msomaji wa jarida la parokia ni tusi, kwa sababu kila mmoja analijua neno ambalo tumeliruka.

Hapo tulikumbuka jambo la darasani. Katika barua zake nyingi Mtakatifu Paulo, baada ya salamu, humshukuru Mungu kwa ajili ya wale anaowaandikia. Kwa Wafilipi anashukuru kwa furaha. Kwa Wagalatia hakuna shukrani. Akimaliza salamu anaingia moja kwa moja kwenye mshangao wake kwamba wameiacha Injili upesi namna ile. Anayesoma Wagalatia peke yake anaweza asione pengo hilo. Anayezijua barua nyingine anausikia ukimya huo kabla hajafika kwenye neno kali la kwanza. Toni husikika pale mwandishi anapoiacha kawaida, iwe kwa neno aliloliweka au kwa neno aliloliacha.

"Eti". Ukiliondoa, sentensi inasema "wanawahi biashara", na habari imebaki nzima. Kilichopungua ni kule kutowaamini. "Eti" humwambia msomaji kwamba maneno haya ni yao, mimi simo. Mwalimu alituonya tusilihukumu kila tunapolikuta. Mtoto anayeuliza "Eti mama, kesho tunakwenda kwa bibi?" hamdharau mtu, anataka tu kuhakikisha. Linabeba shaka linapowekwa mbele ya sababu iliyotolewa na mwingine, kama tulivyofanya.

"Vibiashara". Biashara ni biashara. Tulipoingiza vi- tuliipunguza. Si kila ki- na vi- ni udogo, maana kitabu na vikombe ni majina ya kawaida ya vitu hivyo. Wala si kila udogo ni dharau. Mama yule mwenyewe akisema "nina kibiashara changu" ananyenyekea. Tukisema sisi kuhusu chake, tunakikanyaga. Kiambishi ni kile kile, aliyekitamka ndiye tofauti. Kwa hiyo kila ukikuta neno la kudogosha, uliza kwanza: kitu hiki ni cha nani, na anayekiita kidogo ni nani?

"Wanaojiita viongozi". Neno la kawaida ni "viongozi". Walichaguliwa na jumuiya zao. Kwa kitenzi kimoja tuliwavua uongozi.

"Hukimbia". Hapa mstari haukuwa chini ya neno zima, bali chini ya hu-. Kiambishi hiki huligeuza tendo kuwa tabia ya kudumu. Mwalimu akauliza tulikuwa tumeshuhudia Jumapili ngapi. Tulihesabu: 2. Tena tulikuwa tumemwona kiongozi 1 tu akitoka. "Alikimbia" ingekuwa habari ya siku moja, na mtu angeweza kuijibu. "Hukimbia" ni hukumu juu ya mtu. Mama naye alitumia hu-, lakini kwa saa ya Misa na kwa lori la nyanya, mambo ambayo kweli hujirudia.

Lilibaki lile swali, "vitawapeleka wapi?" Mwalimu hakulipigia mstari neno lolote ndani yake. Alituuliza tu: kama mama angelijibu, mngefurahi? Tulielewa. Kuna maswali yanayoulizwa ili yajibiwe, na mengine yanaulizwa ili msomaji anyamaze. Alama ya kuuliza ni ile ile.

Mmoja wetu akajitetea kwa kitu cha mwisho kilichobaki. "Lakini Mwalimu, tuliandika Ndugu waamini." Ni kweli, tuliandika hivyo mara 3 katika makala nzima, na kwa ajili ya maneno hayo tulikuwa tukiamini kwamba tumeandika kwa upole. Mwalimu akatwambia tuyasome pamoja na kinachofuata. "Ndugu waamini, vibiashara hivyo..." Adabu ikiwekwa juu ya maneno kama hayo haiyalainishi. Yenyewe ndiyo inayogeuka kuwa kejeli. Msomaji akikuta neno la upole limezungukwa na maneno makali, huamini yale makali, kwa kuwa upole ni desturi ya uandishi na ukali umechaguliwa.

Kazi ya mwisho ilikuwa kuipa toni hiyo jina. Sisi tulisema "kali". Mwalimu alikataa. "Kali" haitoshi, kama vile daktari hawezi kuandika "mgonjwa" akaishia hapo. Kuna hasira, masikitiko, wasiwasi, kejeli, dharau, na kila moja lina maneno yake. Alitupa dokezo alilolipata katika miaka yake ya kusahihisha insha, akituambia si sheria: angalia maneno yaliyopigiwa mstari yameangukia wapi. Hasira mara nyingi huangukia tendo. Mtu aliyekasirika huandika "tumeumizwa, tumedanganywa, hili halivumiliki". Dharau huangukia mtu na vitu vyake: anavyoitwa, cheo chake, kazi yake, sababu zake. Tukaitazama orodha yetu. Watu fulani. Eti. Vibiashara. Wanaojiita.

Hakuna aliyetaka kulitamka. Hatimaye mdogo wetu akasema, "Ni dharau." Mwalimu akaandika pembeni mwa karatasi: dharau iliyovaa ushauri.

Jambo lililotuchoma zaidi ni kwamba hatukuwa tumeikusudia. Kama mtu angetuuliza siku ile kama tunawadharau wauza nyanya, tungeapa kwamba hapana, na tungekuwa tunasema kweli kadiri tulivyojijua. Hapa njia hii ina mpaka wake. Maneno yanaonyesha toni ya makala. Hayaingii moyoni mwa aliyeandika. Anayesoma anaweza kusema kwa haki, "makala hii inadharau." Hana haki ya kusema, "huyu ni mtu wa dharau," mpaka amesikia kutoka kwake. Mtakatifu Inyasi wa Loyola ameliweka jambo hili mwanzoni mwa Mazoezi ya Kiroho, namba 22, na Katekisimu ya Kanisa Katoliki inalichukua katika namba 2478: Mkristo mwema awe tayari zaidi kuyapa maneno ya mwenzake maana njema kuliko kuyalaani, na asipoweza, amuulize anayaelewaje. Tulikuwa tumelisoma somo hilo. Tulipopata makala ya mama tuliruka hatua zote mbili: hatukuyatazama maneno, wala hatukuuliza.

Jibu letu la jibu halikuchapwa. Badala yake tuliandika upya aya ile ile, msimamo ukiwa ule ule, kwa maana bado tunaamini kwamba Misa huisha kwa baraka na kutumwa, na kwamba ni vema kubaki. Ilisomeka hivi: "Jumapili mbili mfululizo tumeona baadhi ya waamini wakitoka baada ya kupokea komunyo. Wapo wanaowahi biashara zao. Tunawaomba, kila inapowezekana, wasubiri baraka ya mwisho. Ni dakika chache tu." Kabla ya kuipeleka tulikwenda sokoni Jumamosi kumwomba mama radhi. Alituketisha kwenye makreti matupu, akasikiliza, akasema, "Yamekwisha, wanangu." Kisha akaomba aione karatasi. Aliisoma polepole, midomo ikicheza, akaweka kidole mahali pamoja.

"Hii tu," akasema.

Tulidhani anaisifu. Alikuwa akitaja neno. Dakika chache tu. Kwa anayekaa kwenye benchi la seminari ni chache tu. Kwake yeye, zile dakika 10 kati ya komunyo na lori ndizo zinazoamua anunue nyanya gani. Tulilikata neno hilo kwa kalamu yake, pale pale, na aya ikachapwa bila hilo.

Paroko siku hizi husoma matangazo yasiyozidi ukurasa mmoja. Mama hubaki Jumapili nyingi. Anapotoka mapema, humwona mmoja wetu mlangoni, humpa mkono, na kwenda zake sokoni.